Kufuta deni au kuliacha kwenye tengo

"Mteja hajalipa mwaka mzima na simu hapokei. Nilifute deni lake kwenye mfumo, au niliache kwenye tengo la madeni yenye shaka?"

Wengi husita kufuta kwa kudhani hapo ndipo hasara inapoingia. Hasara huingia mapema zaidi, siku ya kutenga, yaani siku unapokadiria kwamba deni huenda lisilipwe. Siku hiyo unadebiti gharama na kukrediti tengo, na ankara za mteja zinabaki wazi kwenye leja ya wadaiwa. Ukija kufuta, unadebiti tengo na kukrediti wadaiwa. Ankara inafungwa, faida haiguswi. Deni lililotengewa asilimia 100 na deni lililofutwa yana thamani ileile kwenye mizania, yaani sifuri. Kinachobishaniwa basi ni kumbukumbu na ulinzi wake.

Chukua mteja anayedaiwa 1,000,000. Mwaka wa kwanza ukatenga 600,000. Mwaka wa pili mfilisi wake akalipa 150,000 na kuandika kwamba hakuna kingine kitakachopatikana. Zimebaki 850,000 za kufuta: 600,000 zinamaliza tengo, 250,000 zinakwenda kwenye gharama ya mwaka huo. Jumla ya hasara kwa miaka miwili ni 850,000, sawa na fedha iliyopotea.

Sasa tazama kosa la kila siku. Karani anafungua dirisha la kufuta ankara, na mfumo umewekewa akaunti moja tu ya kupokea kiasi kinachofutwa, akaunti ya gharama. Anabonyeza, 850,000 zote zinakwenda kwenye gharama, na zile 600,000 za tengo zinabaki palepale. Gharama imefika 1,450,000 kwa deni la 1,000,000! Kama tengo hukokotolewa upya mwisho wa mwaka kutokana na madeni yaliyobaki, ziada itarudi yenyewe. Kama huongezwa tu kwa asilimia ya mauzo, ziada itakaa miaka. Utaitambua kwa kupanga tengo mteja kwa mteja: ukikuta mwenye salio sifuri bado ana tengo lake, umeipata.

Wanaotaka kufuta mapema wana hoja. Orodha ya umri wa madeni iliyojaa ankara za kale humchosha anayedai, naye huanza kuruka hata zile zinazolipika. Barua za kukumbusha huendelea kutumwa kwa kampuni iliyokwisha kufungwa. Aidha, sheria za kodi katika nchi nyingi hazikubali tengo la jumla kama gharama. Zinataka deni mahususi lililofutwa baada ya kufuatiliwa.

Upande wa pili, mimi huona, una hoja nzito zaidi. Mfumo hupima ukomo wa mkopo kwa salio lililo wazi. Ukifuta, salio linakuwa sifuri, ukomo unarudi mzima, na oda mpya ya mteja yuleyule inapita bila kizuizi. Niliwahi kuona bidhaa zikipakiwa kwa mteja aliyefutiwa deni wiki mbili kabla, na idara ya mauzo haikuwa na kosa. Skrini yao ilimwonyesha msafi. Zuio la mkopo liwekwe kwa mkono kabla ya kufuta. Halafu kuna wizi: anayepokea malipo akiwa pia na ruhusa ya kufuta ankara, anaweza kutia fedha mfukoni na kulizika deni. Ruhusa hizo mbili zisikae kwa mtu mmoja.

Kwa hiyo ningetenga hadi asilimia 100 na kusubiri karatasi: barua ya mfilisi, hukumu iliyoshindwa kutekelezwa, au muda wa kudai kisheria kwisha. Siku 90 za kuchelewa hazitoshi. Katika IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachohusu madeni kama haya, siku hizo ni dhana tu kwamba mteja ameshindwa kulipa, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Kufuta kunahitaji kusiwe na tarajio la maana la kupata fedha.

Namna ya kufuta nayo ina mitego. Ukiandika ingizo la mkono kwenye leja kuu pekee, ankara itabaki wazi kwenye leja ya wadaiwa na leja hizo mbili hazitalingana tena; mifumo mingi huifungia akaunti ya wadaiwa ya leja kuu isiandikwe kwa mkono kwa sababu hii. Ukitumia hati ya krediti, unapunguza mauzo, na pengine kodi ya mauzo pia, kana kwamba bidhaa zilirudishwa. Pita kwenye marekebisho ya ankara yenyewe, ukichagua sababu iliyofungwa kwenye akaunti ya tengo. Sehemu isiyotengewa ipewe sababu yake, inayokwenda kwenye gharama.

Mteja akilipa baadaye, malipo yake hayatakuwa na ankara ya kufunga. Yataelea kama fedha ya ziada aliyotanguliza. Rudisha kwanza ankara kwa kiasi alicholeta, kisha uifunge kwa malipo hayo, ili historia yake ionyeshe kwamba alilipa baada ya kufutiwa.