Hatari kubwa ya madeni haipimwi kwa ukubwa wa deni

Kila ripoti ya uhimilivu wa deni inapotoka, mjadala huangukia palepale: deni limefika asilimia ngapi ya Pato la Taifa? Mmoja anasema asilimia 60 ni balaa, mwingine anajibu kwamba Japani imepita 200 na bado inadunda. Wote wawili wanabishania namba ambayo peke yake haiamui alama ya hatari ambayo nchi hupewa kwenye ripoti hiyo. Mfumo ambao Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) na Benki ya Dunia wanautumia kwa nchi za kipato cha chini, uliofanyiwa marekebisho na kuanza kutumika mwaka 2018, una maswali yake, na kwa maoni yangu ni maswali mazuri kuliko yetu.

Swali la kwanza halihusu deni kabisa. Linauliza nchi hii ina mabega ya kubeba kiasi gani. Jibu linatokana na vitu vitano: ubora wa sera na taasisi kwa kipimo cha Benki ya Dunia kinachoanzia 1 hadi 6, ukuaji wa uchumi, akiba ya fedha za kigeni ikilinganishwa na manunuzi ya nje, fedha zinazotumwa nyumbani na walio ughaibuni, na ukuaji wa uchumi wa dunia. Hivyo vyote vinachanganywa na kuwa namba moja. Ikiwa chini ya 2.69 uwezo ni dhaifu, ikizidi 3.05 ni imara, na katikati yake ni wa wastani.

Uwezo huo ndio unaopanga ukomo. Nchi yenye uwezo wa wastani inaruhusiwa deni la nje lenye thamani ya sasa isiyozidi asilimia 40 ya Pato la Taifa au asilimia 180 ya mauzo ya nje. Malipo yake ya deni la nje kwa mwaka hayatakiwi kuvuka asilimia 15 ya mauzo ya nje, wala asilimia 18 ya mapato ya serikali. Mwenye uwezo dhaifu anabanwa zaidi, na mwenye uwezo imara analegezewa kamba. Deni lote la umma, la ndani likiwemo, lina kipimo chake cha ziada.

Hilo neno "thamani ya sasa", yaani malipo yajayo yakihesabiwa kwa fedha ya leo, lisikupite. Mkopo wa dola milioni 100 usio na riba, utakaolipwa wote kwa mkupuo baada ya miaka 20, haupimwi kama milioni 100. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 5 kinachotumika katika mfumo huu, unahesabiwa kama milioni 38 hivi. Hatifungani yenye riba ya asilimia 9 haipati punguzo lolote. Ndiyo maana nchi mbili zenye deni sawa kwenye vichwa vya habari zinaweza kupewa alama tofauti kabisa, na wala hakuna upendeleo hapo.

Tuchukue nchi ya kubuni yenye uwezo wa wastani. Pato lake ni dola bilioni 60, inauza nje bilioni 10, na serikali inakusanya bilioni 12. Thamani ya sasa ya deni lake la nje ni bilioni 15, yaani asilimia 25 ya pato na asilimia 150 ya mauzo ya nje. Kila mwaka inalipa bilioni 1.3, ambayo ni asilimia 13 ya mauzo ya nje na karibu asilimia 11 ya mapato. Vipimo vyote vinne viko chini ya ukomo. Waziri wa fedha akisimama leo akasema deni ni himilivu, hajadanganya.

Lakini tathmini haiishii leo, inatazama miaka kumi mbele. Tuseme mwaka wa nne inaiva hatifungani ya bilioni 1, na mwaka wa tano nyingine ya milioni 900, juu ya malipo ya kawaida ambayo sasa ni bilioni 1.4. Mauzo ya nje yanatarajiwa kufika bilioni 11.5, kisha 12, na mapato ya serikali yanakua kwa kasi ileile. Mwaka wa nne malipo yanakuwa asilimia 21 ya mauzo ya nje, na wa tano asilimia 19. Ukomo ni 15. Umevukwa, tena katika makadirio ya kawaida, kabla hata ya kuwaza janga lolote. Kipimo kimoja tu kati ya vinne kimevukwa na kinatosha: hatari kubwa. Vile vitatu vilivyofaulu havimwokoi. Kama ingekuwa mwaka mmoja tu, mfumo ungeupuuza kama tukio la mara moja. Miaka miwili haipuuzwi.

Sasa ziondoe hizo hatifungani. Malipo yanabaki bilioni 1.4 na makadirio ya kawaida yanakuwa salama. Hapo ndipo yanapoingia majaribio ya misukosuko: ukuaji ukishuka, sarafu ikiporomoka, mauzo ya nje yakianguka. Mauzo ya nje yakishuka hadi bilioni 9 na kisha 8.8, malipo yanafika karibu asilimia 16. Ukomo umevukwa kwenye msukosuko tu, na alama inakuwa hatari ya wastani. Hatari ndogo ni ya yule asiyevuka popote. Alama ya nne, dhiki ya madeni, haihitaji utabiri, kwa sababu nchi tayari ina malimbikizo au inajadiliana na wadai wake upya, kama Zambia ilivyojikuta Novemba 2020 iliposhindwa kulipa riba ya hatifungani yake.

Kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Nchi yetu ya mfano inaweza kushushwa bila kukopa hata senti. Uwezo wake ukididimia hadi dhaifu, na hilo likathibitika namba yake ikikokotolewa mara mbili mfululizo, ukomo wa deni kwa mauzo ya nje unashuka kutoka 180 hadi 140. Ile 150 iliyokuwa salama jana, leo imevuka.

Hatari kubwa si sawa na kufilisika, na hapa magazeti yanatukosesha sana. Kenya ilipandishwa kutoka hatari ya wastani hadi kubwa mwaka 2020, huku deni lake likiendelea kuitwa himilivu. Hatifungani yake ya dola bilioni 2 ilikuwa inaiva Juni 2024. Februari mwaka huo ikauza mpya ya bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, na ikavuka. Alama ilionya juu ya ubano wa fedha, na ubano kweli ulikuja, kwa riba iliyouma.

Ninachokitilia shaka mimi ni makadirio, wala si ukomo. Ili nchi yetu ya mfano ikwepe alama mbaya mwaka wa nne bila kubadili mkopo wowote, inatosha mwandaaji aandike kwamba mauzo ya nje yatafika bilioni 16. Kalamu tu. Wataalamu wa mashirika hayo wana vipimo vya kukagua makadirio ya namna hiyo na wanaruhusiwa kutumia busara zao, lakini hakuna serikali inayokwenda mezani ikiwa na matarajio madogo.

Kwa hiyo nikifungua ripoti naanza na michoro. Karibu na mstari wa makadirio ya kawaida huwa kuna mwingine unaoonyesha deni litakavyokwenda iwapo uchumi utaendelea kwa wastani wa miaka kumi iliyopita. Mstari huo hautoi alama. Ila ukiona wa kawaida unateremka taratibu huku huu wa kihistoria unapaa na kuvuka ukomo, rudi kwenye jedwali la mauzo ya nje uulize ni bidhaa gani hasa itakayoziba pengo hilo.