Kupima kipande kimoja sehemu tatu sio marudio matatu

Kwenye grupu letu la wakulima mtu karusha ripoti ya majaribio ya mbegu za mahindi, na haijapita nusu saa watu washaanza kuulizana bei ya mfuko wa kilo 2. Eti mbegu mpya imeipita ile tuliyoizoea kwa asilimia 18, tani 5.2 kwa hekta dhidi ya 4.4, yaani kama gunia tatu na ushee zaidi kwa ekari. Grafu zina rangi, picha ina mtu kashika hindi anacheka, ila ramani ya shamba hakuna. Nimetafuta mpaka nikaikuta sentensi moja imejibanza huko mwisho: kila mbegu ilipandwa kipande kimoja cha nusu ekari, halafu mavuno yakapimwa sehemu tatu ndani ya hicho hicho kipande, "marudio 3".

Marudio gani hayo jamani?

Hiyo ni kuonja sufuria moja mara tatu halafu unatangaza umeonja mapishi matatu. Mbegu mpya imetoa 5.3, 5.2 na 5.1, ya zamani 4.5, 4.4 na 4.3, na watu wanaona namba zimekaribiana hivyo wanasema aah, hapa hakuna ubishi. Lakini kukaribiana kule kunakwambia tu kwamba kila kipande kinafanana ndani yake, basi. Na ripoti yenyewe inakiri shamba lina mteremko! Sasa kama mbegu mpya ilipewa upande wa chini, kule udongo mzuri na mbolea vinakosombwa na mvua vikatulia, na unyevu unakaa wiki nzima zaidi, hiyo 0.8 ni ya mbegu au ya bonde? Huwezi kujua. Hata ungepima sehemu mia usingejua, maana bonde na mbegu vimefungwa kamba moja.

Marudio ya kweli ni mbegu ile ile kupandwa upya kwenye ploti nyingine, mahali pengine, na nafasi yake ikaamuliwa kwa kura. Shamba la mteremko unaligawa bloku, moja juu, moja katikati, moja chini, kila bloku inabeba mbegu zote na ndani yake unapiga kura upya. Mwanatakwimu Fisher alishayapigia kelele haya kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted kule Uingereza miaka ya 1920, sio siri ya maabara.

Tuseme wangefanya hivyo, na mbegu mpya ikapata 5.9 bloku ya kwanza, 4.6 ya pili, 5.1 ya tatu, na ya zamani 4.5, 4.7 na 4.0. Wastani ni ule ule, 5.2 na 4.4, na tangazo lingeandikwa vile vile asilimia 18. Ila sasa angalia tofauti bloku kwa bloku: imezidi 1.4, kisha imepitwa 0.1, kisha imezidi 1.1. Ukipiga hesabu ya kawaida ya uhakika wa asilimia 95, tofauti halisi inaweza kuwa popote kuanzia hasara ya tani 1.2 hadi faida ya 2.8. Haimaanishi mbegu ni mbaya! Inamaanisha bloku tatu hazijatosha kusema, ongeza bloku. Kwenye ripoti za watu makini utaona namba imeandikwa LSD chini ya jedwali, yaani tofauti ndogo kabisa inayoweza kuaminika. Tofauti ikiwa ndogo kuliko hiyo, usikimbilie dukani.

Halafu zile sehemu walizopima: mistari miwili ya sentimita 75, urefu mita 5. Hiyo ni mita za mraba 7.5, kwa hiyo kila kilo moja ya punje ikipelekwa kwenye hekta inageuka tani 1.3. Ile 0.8 yote inayotuhangaisha ni gramu 600 kwenye mzani, mahindi manne matano hivi. Mstari mmoja wa pembeni unaopata jua zaidi unatosha kuzileta. Na unyevu wa punje, ambao nao unaongeza uzito, hawajautaja kabisa.

Haya, nakubali, vipande vikubwa vina kazi yake, mkulima anaviona kwa macho na haihitaji mtaalamu wa kupima ploti ndogo ndogo. Lakini basi wapeni wakulima kumi, kila mmoja apande mbegu zote mbili kwake, na kila shamba lihesabiwe rudio moja, hapo nitasoma kwa heshima. Na upande wa kupanda uamuliwe kwa kurusha sarafu, maana tunajuana, mbegu mpya ya bei ghali mtu ataipanda pale pale karibu na zizi.