Bili ya mwisho baada ya kuhama nyumba: kampuni ya intaneti ina haki ya kudai nini?

"Nilipanga Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja, nikaungiwa faiba kwa mkataba wa miezi 24. Mwenye nyumba kaitaka nyumba yake, nimehamia Makunduchi, na kampuni yenyewe inasema huko haijafika. Ruta nimewarudishia. Sasa wananidai shilingi 960,000. Nilipe?"

Zipo pesa humo ambazo ni deni la kweli na inafaa zilipwe mapema. Kubwa lililobaki lina mgogoro, na jibu la "umesaini mwenyewe" ambalo wapangaji wengi hupewa halitoshi kuumaliza.

Tuanze na karatasi zenyewe. Mkataba ulianza tarehe 1 Mei 2024 na ulikuwa uishe tarehe 30 Aprili 2026, kwa shilingi 70,000 kila mwezi. Fomu inasema gharama ya kuunga ni 240,000 lakini mteja "amesamehewa" kwa kukubali kukaa miezi 24. Notisi ya siku 30 ilipelekwa tarehe 5 Juni 2025 na nyumba ikaachwa tarehe 25. Bili ya mwisho imeandikwa hivi: Juni 70,000, Julai 70,000, ruta 120,000, na ada ya kuvunja mkataba 700,000, yaani miezi 10 iliyobaki mara 70,000.

Kampuni ina hoja, na si ndogo. Kumuunga mteja mmoja wa faiba kuna gharama za kweli kabla hata hajalipa shilingi moja. Kuna waya wa kutoka kwenye kisanduku cha nguzo hadi nyumbani, kuna kifaa cha kupokelea mwanga wa faiba ukutani, kuna ruta, na kuna kazi ya mafundi ya kuunganisha nyuzi. Nyumba za Mji Mkongwe zina kuta nene za mawe na chokaa, kwa hivyo kupitisha waya mpaka chumba cha ndani si kazi ya nusu saa. Kampuni ikimdai mpangaji 240,000 siku ya kwanza, naye ametoka kulipa kodi ya miezi sita mkono mmoja, wengi watarudi nyuma. Ndiyo maana gharama ile hufichwa ndani ya malipo ya kila mwezi. Na wapo wateja wanaoungiwa bure, wakatumia miezi miwili, wakahamia kwa kampuni nyengine yenye ofa mpya. Bila ya ada yoyote ya kuvunja mkataba, hasara ya watu hao ingebebwa na wateja wanaokaa.

Hayo yote nayakubali. Lakini yanathibitisha kwamba kampuni ina haki ya kurudisha sehemu ya 240,000 ambayo bado haijarudi. Hayathibitishi 700,000. Hoja inayotolewa ni ya waya, na pesa zinazodaiwa ni za huduma ya miezi kumi ambayo haitatolewa. Watu wa ofisini huzichanganya hizi mbili, na nadhani hata wateja wakikasirika huzichanganya vilevile, wakakataa kulipa chochote na kujitia makosani.

Tuifuate gharama ya kuunga peke yake. Shilingi 240,000 zikigawiwa miezi 24 ni 10,000 kwa mwezi. Mpaka mwisho wa Juni 2025 mteja huyu ametimiza miezi 14, kwa hivyo 140,000 zimesharudi na zimebaki 100,000. Ada inayopungua kila mwezi kwa namna hii inaeleweka na kila mtu: anayehama mwezi wa tatu analipa nyingi, anayehama mwezi wa ishirini na tatu analipa kidogo. Ada ya "miezi iliyobaki" nayo hupungua, lakini inapungua kutoka kwenye kipimo kisichokuwa na uhusiano na gharama iliyotangulizwa. Mteja wetu angevunja mkataba mwezi wa kwanza tu angedaiwa 1,610,000 kwa kazi ambayo fomu ya kampuni yenyewe imeithamini 240,000.

Kuna jambo jengine ambalo silioni likitajwa katika bili hizi. Mpangaji anapohama, anaondoka na vyombo vyake, lakini waya anauacha. Waya unabaki ukutani, kile kifaa cha kupokelea mwanga kinabaki palepale kama hakikung'olewa, na mlango wake kwenye kisanduku cha nguzo bado upo. Ikiwa nyumba itakaliwa na mwenyewe, au na mpangaji mwengine, na akataka intaneti, fundi atakuja na ruta, apime mwanga, amsajili, amalize. Mtu huyo naye atapewa mkataba wa miezi 24, na katika fomu yake pataandikwa tena kwamba amesamehewa 240,000 za kuunga. Kampuni itakuwa imelipwa mara ngapi kwa waya ule mmoja? Sehemu imelipwa na mpangaji wa kwanza katika miezi yake 14, sehemu nyengine anadaiwa ndani ya ada ya kuvunja, kisha wa pili anaanza upya kuulipia tangu mwanzo.

Hili si jambo la nadharia kwa Unguja. Nyumba za kupanga mjini hazikai tupu muda mrefu, na zilizokwisha kuungwa faiba madalali huzitangaza hivyo. Kwa hivyo hasara ya kampuni mteja anapohama mara nyingi ni ya wiki au miezi michache ya laini kukaa kimya. Miezi kumi mizima ya kukosa mapato ni hali inayoweza kutokea, lakini haifai kuchukuliwa kuwa ndiyo kawaida, na anayeidai inafaa aonyeshe kwamba imetokea.

Kampuni inaweza kujibu: hatudai waya tu, tumepoteza na faida ya miezi kumi. Jibu hilo lina uzito katika sheria. Sheria za mikataba za Zanzibar na za Bara zote zina asili moja, Sheria ya Mikataba ya India ya 1872. Kanuni iliyomo katika kifungu cha 73 cha sheria hiyo ni kwamba aliyevunjiwa mkataba hufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo, na katika kuipima huangaliwa njia alizokuwa nazo za kuipunguza. Kifungu cha 74 kinasema mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa, anayelalamika hupata fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho. Maana yake, 700,000 iliyoandikwa ndani ya mkataba ni mwisho wa juu kabisa. Kinacholipwa ndani ya mpaka huo lazima kiwe cha kuridhisha. Na faida si sawa na mapato. Ukishaitoa huduma ya wateja ambayo haitatolewa, kapasiti ambayo sasa inatumiwa na wengine, na malipo ya mpangaji mpya akiwepo, kinachobaki katika kila 70,000 ni kidogo kuliko 70,000.

Jambo linalonifanya niegemee upande wa mpangaji ni muda. Mkataba wake wa nyumba ulikuwa wa miezi sita sita, na wa intaneti ulikuwa wa miezi 24. Aliyemsajili aliiona nyumba na alijua ni ya kupanga, maana fundi hatoboi ukuta bila ya ruhusa ya mwenye nyumba. Kwa hivyo hatari ya kuhama ilikuwa wazi kwa pande zote mbili tangu siku ya kwanza, na mmoja tu ndiye aliyepewa kuibeba yote. Tena hakuondoka kwa kufuata ofa. Alitaka kuendelea, akaomba ahamishiwe laini, na kampuni ndiyo iliyosema haifiki Makunduchi. Kumtoza mtu malipo ya miezi ambayo wewe mwenyewe umesema huwezi kumhudumia, mimi siwezi kuita fidia ya kuridhisha.

Sasa turudi kwenye bili, maana ina makosa mawili ambayo hayahitaji hata ubishi wa sheria. La kwanza ni Julai. Notisi ya siku 30 kutoka tarehe 5 Juni inaisha tarehe 5 Julai, na bili imetoza Julai nzima kama huduma. Halafu ile "miezi 10 iliyobaki" inahesabiwa kuanzia Julai 2025 hadi Aprili 2026, kwa hivyo Julai imelipishwa mara mbili. Kosa hili huwa rahisi kupita, kwa sababu mashine ya bili inaendelea kutoza mpaka laini ifungwe, na anayepiga hesabu ya ada anaangalia tarehe ya kuhama. La pili ni ruta. Ikiwa imerudishwa, bili ya 120,000 inafutwa kwa karatasi ya mapokezi yenye tarehe na namba ya kifaa iliyobandikwa chini yake. Aliyeiacha kaunta bila ya karatasi atapata tabu kuthibitisha.

Hesabu ninayoiona mimi ni hii: Juni 70,000, siku tano za Julai kama 11,290, na salio la kuunga 100,000. Jumla ni 181,290. Kampuni ikionyesha hasara nyengine ya kweli, iongezwe.

Ningekuwa mahali pa muulizaji, ningelipa hizo 181,290 kwa kumbukumbu ya namba ya akaunti na kupeleka barua siku hiyohiyo, nikieleza mstari kwa mstari ninachokubali na ninachopinga. Katika barua ningeuliza mambo mawili: gharama ya kuunga imerudi kiasi gani, na je, laini ya nyumba ile ya Malindi imeshasajiliwa kwa mtu mwengine? Ningeambatisha notisi, karatasi ya ruta, na jibu lao la kwamba hawafiki Makunduchi, hata kama ni ujumbe wa simu. Malalamiko huanzia kwa kampuni kwanza. Yasipotatuliwa huko, hupelekwa TCRA, kwa kuwa mawasiliano ni jambo la Muungano na mamlaka hiyo inasimamia watoa huduma wa Zanzibar pia, na ina ofisi Unguja.

Hesabu hii haimfai kila anayehama. Angehamia Jang'ombe au mtaa mwengine ambako kampuni ina mtandao, wakakubali kumhamishia laini kwa gharama ya kazi, naye akakataa kwa sababu jirani yake anatumia kampuni ya bei nafuu, basi yeye ndiye aliyeuacha mkataba unaowezekana kutimizwa. Hapo salio la waya pamoja na sehemu ya faida iliyopotea ningeona ni deni lake, na malalamiko yake TCRA yangekuwa na uzito mdogo.