Mita mbili za mpakani na nyumba isiyoingia

Mama mmoja alinijia na picha ya nyumba kwenye simu. Ilikuwa ya chini, vyumba vitatu, sebule pana na baraza mbele, na upana wake ulikuwa mita 9. Kiwanja chake kilikuwa na upana wa mita 10 na urefu wa mita 20. "Mwanangu, inaingia, si unaona inabaki mita nzima?" aliniambia. Nikachukua karatasi, nikachora kiwanja, kisha ndani yake nikachora mstatili mwingine mdogo. Akauangalia kwa muda mrefu bila kusema neno.

Mstatili ule wa ndani ndiyo ramani ya kwanza ya kila nyumba, na mwenye nyumba haulipii wala hauchagui. Unatokana na masharti ya ujenzi. Katika eneo lile masharti yalidai mita 5 ziachwe mbele, mita 3 nyuma na mita 2 kila ubavu. Toa hizo kwenye 10 kwa 20, unabaki na mita 6 kwa 12. Hapo ndipo kuta zinaruhusiwa kusimama, yaani mita za mraba 72 ndani ya kiwanja cha mita za mraba 200.

Juu ya nafasi hizo za mipakani kulikuwa na masharti mengine mawili. La kwanza ni la ufunikaji wa kiwanja: jengo, likitazamwa kutoka juu, lisifunike zaidi ya asilimia 50 ya ardhi. La pili ni uwiano wa sakafu, ambapo unajumlisha sakafu zote, ya chini na za ghorofani, kisha unagawanya kwa ukubwa wa kiwanja. Pale kikomo kilikuwa 0.75. Uwiano huo haukwambii jengo liwe na umbo gani. Unaweza kuumaliza kwa sakafu tatu, kila moja robo ya kiwanja, au kwa mbili zenye asilimia 37.5 kila moja, na hesabu ikabaki ileile.

Sasa yaweke masharti hayo matatu pamoja kwenye kiwanja cha yule mama. Ufunikaji unamruhusu mita za mraba 100 chini, lakini nafasi za mipakani zimeshamfungia kwenye 72. Asilimia yake halisi ni 36, kwa hiyo ile 50 iliyoandikwa hataifikia kamwe. Uwiano wa sakafu unamruhusu jumla ya 150. Akipandisha ghorofa moja, 72 mara mbili ni 144, na zinabaki 6 asizoweza kuzijenga popote bila kuanza sakafu ya tatu. Masharti matatu yameandikwa, ila linalochora nyumba yake ni moja tu.

Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 30, chenye masharti yaleyale. Mstatili wa ndani unakuwa 11 kwa 22, yaani mita za mraba 242, wakati ufunikaji unaruhusu 225. Hapa ufunikaji umeanza kufanya kazi, japo kwa kupunguza mita za mraba 17 tu. Uwiano unaruhusu 337 na nusu, hivyo mwenye nyumba ana uamuzi wa kweli mbele yake: kujaza chini 225 na kuweka 112 juu, au kugawa sawasawa kama 168 kila sakafu na kubakiza bustani. Nenda mpaka kiwanja cha mita 40 kwa 50. Mstatili wa ndani unafika mita za mraba 1,512, robo tatu ya ardhi, na nafasi za mipakani hazimsumbui mtu tena. Kinachombana ni ufunikaji na uwiano.

Mwenye mita za mraba 2,000 ananyimwa na mipaka takriban asilimia 24 ya ardhi yake. Wa 450 ananyimwa 46. Wa 200 ananyimwa 64. Ufunikaji na uwiano wa sakafu ni sehemu ya kiwanja, vinakua na kupungua pamoja nacho. Nafasi za mipakani ni mita, na mita mbili hazipungui kwa sababu kiwanja ni chembamba. Hili ndilo linalonikera katika kazi hii: sharti lililoandikwa kana kwamba linawatendea wote sawa linamkata zaidi mwenye kidogo kuliko mwenye kingi.

Na hasara kubwa zaidi iko kwenye upana kuliko kwenye eneo. Mita 6 za nje zinapunguzwa na kuta mbili za tofali pamoja na plasta, tuseme sentimita 18 kila moja, na ndani zinabaki mita 5.64. Ukiweka korido ya mita 1.2 katikati na kuta zake mbili, kila upande unapata chumba cha mita 2.04. Kitanda cha watu wawili kikiingia humo, kabati halina pa kukaa. Basi korido lazima isogezwe ubavuni, vyumba vikae upande mmoja tu, na upana wake unakuwa mita 4.26. Mchoraji hapo hajachagua mtindo. Ukiona nyumba za mtaa mzima zina korido ndefu yenye kiza upande mmoja, usimlaumu mchoraji kabla hujapima kiwanja.

Nafasi ya kuachwa ina sababu zake, na sina ugomvi nazo. Moto usiruke kutoka dirisha hadi dirisha, hewa ipite, jua lifike ukutani, gari la zimamoto lipate pa kuingilia, na barabara ikitanuliwa siku moja kusiwe na sebule ya kubomoa. Mwaka 1915 jengo la Equitable lilikamilika New York, likasimama wima kutoka ukingo wa barabara bila kurudi nyuma hata kidogo, na sakafu zake kwa jumla zilifika karibu mara 30 ya kiwanja chake. Mwaka uliofuata jiji likapitisha sheria: jengo likifika kimo fulani kulingana na upana wa barabara, lianze kurudi nyuma, na mnara uruhusiwe kupanda bila kikomo kwenye robo tu ya kiwanja. Ndiyo maana majengo mengi ya pale ya enzi hizo yana umbo la ngazi. Sheria ile ilichonga umbo, ila haikusema sakafu ziwe ngapi kwa jumla. Kikomo hicho kilikuja mwaka 1961, walipoingiza uwiano wa sakafu. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha kwamba masharti haya yanatibu maradhi tofauti. Uwiano unazuia msongamano, yaani watu, maji, maji taka na magari. Nafasi za mipakani zinalinda mwanga, hewa na usalama. Ukitumia la pili kufanya kazi ya la kwanza, unapata nyumba mbovu na msongamano uko palepale.

Makosa mengi ninayoyaona yanaanza kabla ya kuchora. Mtu anakuja na karatasi ya mauziano imeandikwa "10 kwa 20", naye mchoraji anaichukua kama ilivyo. Ukienda na futi kamba kutoka bikoni hadi bikoni unakuta 9.7 mbele na 10.2 nyuma. Sentimita 30 hazionekani kwa macho, lakini kwenye nyumba ya mita 6 zinatosha kuivusha upande mmoja wa mstari. Njia rahisi ya kugundua ni kupima pia kutoka kona hadi kona: kwa mstatili sahihi wa 10 kwa 20, kamba zote mbili zitasoma mita 22.36. Zikitofautiana, kona haziko mraba, na unahitaji mpima ardhi kabla ya kuhitaji msanifu.

Kosa la pili ni kutouliza nafasi inapimwa mpaka wapi. Kuna masharti yanayopima hadi ukuta, mengine hadi ncha ya paa au ya roshani. Upenu wa sentimita 60 kila upande unageuza nyumba ya mita 6 kuwa ya mita 7.2. Mimi mwenyewe niliwahi kurudishiwa ramani kwa sababu hiyo, nikalazimika kusogeza kuta zote za vyumba vya kulala. Tangu hapo swali hilo naliuliza kabla ya kushika kalamu, pamoja na lile la kama roshani, ngazi na banda la gari vinahesabiwa kwenye sakafu.

Kiwanja cha kona ndicho kigumu kuliko vyote. Watu hukigombea kwa sababu kina barabara mbili, bila kujua kwamba mara nyingi kila barabara inahesabiwa kuwa mbele. Kiwanja kilekile cha 10 kwa 20, kikiwa kona, kinaachiwa mita 5 upande wa barabara ya pili na mita 2 upande wa jirani. Upana unaobaki ni mita 3. Hiyo ni mita za mraba 36 chini, na hakuna ustadi wa kuchora utakaoigeuza kuwa nyumba ya familia. Anayegawa viwanja anapaswa kuvifanya vya kona viwe vipana zaidi tangu mwanzo, maana akishapanda bikoni, kosa limeshaingia ardhini.

Ningependa viwanja vyembamba viruhusiwe kujengwa hadi mpakani upande mmoja. Badala ya mita 2 na 2, weka sifuri upande mmoja na 3 upande wa pili, na kila jirani afuate mpangilio huohuo. Mstatili wa ndani unakuwa 7 kwa 12, mita za mraba 84. Ghorofa moja ikiongezwa zinafika 168, na hapo uwiano wa 0.75 unaamka na kusema basi, 150. Nafasi kati ya nyumba na nyumba inapungua kutoka mita 4 hadi 3, nakiri. Lakini hizo 3 ni za mtu mmoja, gari linapita, na dirisha linatazama ukuta usio na dirisha badala ya kutazama chumba cha jirani. Masharti yake yawe makali: ukuta wa mpakani uzuie moto, usiwe na tundu lolote, na maji ya paa yateremke upande wa mwenye nyumba. Korido, ngazi na stoo zikae kwenye ukuta huo, na vyumba vipate mita 5.26 upande wenye mwanga.

Kwa yule mama hilo halikuruhusiwa, kwa hiyo tulibaki na 6 kwa 12. Hakutaka ngazi, alisema magoti yake hayazitaki. Tulichora chumba chake na bafu chini, nyuma kabisa, sebule ikachukua upana wote wa mita 5.64 upande wa mbele, jiko katikati, na vyumba vya watoto vikapanda juu. Baraza ya kwenye picha iliondoka. Gari likakaa kwenye zile mita 5 za mbele, pale alipotaka kupanda mwembe.