Nati iliyokazwa "mpaka mwisho" bado italegea

Fundi aliyenifungia magurudumu aliniambia, "Bosi, hizo nimekaza mpaka mwisho, hata mimi mwenyewe sitazifungua." Ringi zilikuwa zimetoka kupigwa rangi. Baada ya kilomita 80 nilipitisha spana ya toki, ile inayolia ikifika kipimo ulichoiwekea, na kwenye gurudumu la mbele kushoto nati moja ikazunguka karibu robo ya mzunguko kabla spana haijalia. Sikumlaumu kwa uvivu. Alikaza kwa nguvu zake zote, ila nguvu ya mkono siyo inayoshika gurudumu.

Kinachoshika ni kuvutika kwa stadi, ile bolti inayotoka kwenye habu na kufungwa nati. Ukikaza nati, stadi inarefuka kidogo sana na kutaka kurudi, kama raba. Mvuto huo ndio unaobana ringi kwenye habu, na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari. Chukua stadi ya milimita 12 iliyokazwa kwa nyutoni mita 110, kipimo cha kawaida kwa magari madogo mengi (cha gari lako kimo kwenye kitabu chake, ukifuate hicho). Nati moja hapo inabana kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani nne na nusu. Lakini urefu ambao stadi imeongezeka haufiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Ni kama unene wa unywele.

Sasa weka rangi mpya katikati, au kutu, au mchanga. Gari likitembea, breki zikipata moto na kupoa, uchafu huo unasagika na kujibana. Ukipungua kwa theluthi tu ya unywele, karibu theluthi ya mvuto wa stadi imekwenda. Nati haijafunguka, haijazunguka hata kidogo, lakini kazi yake imepungua. Ndiyo maana ukiitazama kwa macho huoni chochote.

Mpangilio wa kukaza nao unaingia hapa. Nati nyingi zina mdomo wa koni, na koni hiyo ndiyo inayoweka ringi katikati. Ukikaza moja kisha jirani yake, upande mmoja wa ringi unalala kwenye habu huku wa pili ukibaki umeinuka kidogo. Nati za mwisho zitahisi ngumu kwa sababu zinapigana na ringi iliyokaa mshazari. Gari likishatembea, ringi inajiweka sawa yenyewe, na baadhi ya nati zinapoteza mzigo wake. Kwa nati tano, zihesabu kwa kufuata mwendo wa saa, kisha kaza ya 1, 3, 5, 2, 4: unachora nyota. Zikiwa nne au sita, ruka kila mara kwenda ya upande wa pili.

Mimi huzianza zote kwa vidole, na nati isiyokubali vidole huifungua nione imekwama wapi. Gari likiwa bado juu ya jeki nazibana kidogo kwa nyota, halafu nashusha tairi liguse chini ili lisizunguke. Raundi ya kwanza naenda nusu ya kipimo, ya pili kipimo kamili, kisha napita tena, maana kukaza ya tano huipunguzia mzigo kidogo ile ya kwanza. Spana ikilia, naacha. Kuilizisha mara mbili tatu kwa furaha ni kuongeza kipimo bila kujua.

Na kuongeza siyo usalama. Mtu wa kilo 70 akisimama kwenye mpini wa sentimita 30 anatoa zaidi ya nyutoni mita 200, karibu mara mbili ya kinachotakiwa. Stadi ikivutwa kupita uwezo wake hairudi tena, kama raba iliyochoka. Bunduki ya upepo ya kukazia nati hufanya hivyo kwa sekunde. Oili kwenye nyuzi za stadi nayo ni mtego: msuguano ukipungua, kipimo kilekile kinavuta stadi zaidi, kwa hiyo nyuzi nazisafisha na kuziacha kavu, isipokuwa kitabu kiseme vingine.

Kukaza upya nafanya kati ya kilomita 50 na 100, gari likiwa limepoa na limesimama chini, bila kulegeza kwanza. Nati ikilia bila kusogea, sawa. Ikisogea kidogo mara hii, ni ule msago wa kawaida. Ikisogea tena kwenye ukaguzi wa pili, usiendelee kuikaza: vua gurudumu. Tazama uso wa habu, matundu ya ringi kama yamekuwa ya mviringo mrefu, na michirizi ya kutu inayotoka chini ya nati, maana hiyo huonyesha kwamba vitu vinasuguana mahali ambapo havikupaswa kusogea.

Langu nilivua. Rangi ilikuwa imejaa mpaka ndani ya koni za matundu. Niliikwangua hapo na kwenye uso unaokaa kwenye habu, nikafunga upya, na baada ya kilomita 60 spana ililia kwenye nati zote tano bila hata moja kusogea.