Kopo la wifi na feritini yangu

Kwa wiki sita hivi, kila nikimaliza kuoga nilikuwa naokota kifundo cha nywele kwenye tundu la maji. Nikamlalamikia wifi yangu kwamba nywele zinakatika. Jioni hiyohiyo akanitumia picha ya kopo: zinki, bayotini, vitamini A, seleni, vyote ndani ya kidonge kimoja. "Wifi, mimi natumia haya, wala usihangaike na madaktari."

Nilihangaika nao hata hivyo, na sijutii. Cha kwanza nilichojifunza ni kwamba nilikuwa nakosea hata kulitaja tatizo. Unywele uliokatika hauna mzizi, ncha zake zote mbili ni tupu, na chanzo huwa ni joto, kemikali au kuvutwa. Unywele ulionyonyoka una kijinundu cheupe mwishoni, kidogo kuliko chembe ya sukari. Nilitandaza nywele kumi za kwangu juu ya kitambaa cheusi, na tisa zilikuwa na kijinundu hicho. Maana yake zilitoka zenyewe baada ya kumaliza hatua ya kupumzika, na hatua hiyo huchukua kama miezi mitatu.

Miezi hiyo mitatu ndiyo inayotupotosha wengi. Mwili ukipata mtikisiko, tuseme homa kali, uzazi, upasuaji au kupungua uzito kwa kasi, nywele nyingi huacha kukua kwa pamoja, lakini hubaki kichwani. Huanza kupukutika miezi miwili au mitatu baadaye, wakati mtu ameshasahau kilichompata. Kwa hiyo daktari aliniomba nihesabu kurudi nyuma. Nikahesabu, nikakosa: sikuugua, sikuzaa, sikujinyima chakula. Ndipo akauliza kuhusu hedhi. Nikamwambia ni siku saba au nane, na kwa karibu mwaka mzima nimekuwa nikilazimika kuamka usiku kubadilisha pedi. Mtikisiko wangu haukuwa na tarehe kwa sababu ulikuwa ukijirudia kila mwezi.

Nikapimwa damu. Hemoglobini ilikuwa 12.6, yaani sina upungufu wa damu. Feritini, ambayo ndiyo ghala la madini ya chuma mwilini, ikasoma nanogramu 44 kwa mililita. Mhudumu wa maabara akasema niko sawa. Kasoro ni kwamba siku ile nilikuwa na tonsili zilizovimba na homa, na feritini hupanda mwili unapopambana na maambukizi, hata kama ghala lenyewe ni tupu. Daktari akaniambia nisiiamini namba ile, nirudi nikipona, na nipimwe pamoja na CRP, kipimo kinachoonyesha kama kuna uvimbe mwilini. Baada ya wiki tano CRP ilikuwa chini na feritini ilikuwa 11. Kama ningeishia kwenye karatasi ya kwanza, leo ningekuwa namimina makopo ya wifi.

Hemoglobini nzuri na feritini mbovu si ajabu. Mwili hula akiba kwanza kabla ya kugusa damu.

Niliandikiwa feras salfeti ya miligramu 200, yenye takriban miligramu 65 za chuma chenyewe, kidonge kimoja kila baada ya siku moja. Nilidhani daktari ananipunja. Kumbe ukimeza dozi ya chuma, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini ambayo hufunga mlango wa utumbo kwa takriban siku nzima, hivyo sehemu kubwa ya kidonge cha kesho yake huishia chooni. Kuruka siku hufanya kila kidonge kifyonzwe vizuri zaidi, na tumbo nalo halifungi sana. Nilimeza asubuhi kabla ya kula, na chai nikaisogeza mbele kwa saa mbili, kwa kuwa chai na kahawa hushika chuma kisifyonzwe. Hilo la chai lilikuwa gumu kuliko kidonge.

Baada ya miezi mitatu feritini ilifika 33. Kifundo cha bafuni kilianza kupungua mwezi wa nne, na vinywele vifupi vilivyosimama vikaonekana kwenye paji la uso. Je, ni chuma kilichoziponya? Siwezi kuapa. Kunyonyoka kwa namna hii mara nyingi hutulia kwenyewe ndani ya miezi sita, na hapohapo ndipo kila kopo la nywele linapopatia sifa: mtu hulinunua nywele zikiwa zimepukutika kupita kiasi, zinatulia kwa wakati wake, kopo linashukuriwa. Wataalamu wenyewe hawajakubaliana feritini ifike wapi kwa ajili ya nywele. Wapo wanaotaka 40, wapo wanaotaka 70. Msimamo wangu ni kwamba chini ya 15 hakuna mjadala, unatibiwa, nywele ziwepo zisiwepo. Ukiwa na 20 na kitu na hedhi nzito kama yangu, bado nakuona na sababu nzuri. Lakini mwenye 50, asiye na homa wala uvimbe, anayesaka 70 kwa vidonge, nadhani anatafuta mahali pasipo. Na chuma kikizidi mwilini hakina njia rahisi ya kutoka, kwa hiyo kukimeza bila kupima ni mchezo mbaya.

Sasa turudi kwa wifi. Nilipomkagua kichwani, nywele zake hazikuwa zinapukutika kwa wingi. Mstari wa katikati ndio uliokuwa umepanuka, na nywele za pale zimekuwa nyembamba. Hiyo ni hali nyingine kabisa, inayotokana na kurithi na homoni, ambayo hutibiwa kwa dawa kama minoksidili. Zinki haiigusi. Kopo lake lilikuwa na miligramu 50 za zinki kwa siku, wakati mwanamke mzima anahitaji 8, na kiwango cha juu cha matumizi ya kila siku ni 40. Zinki ikizidi kwa miezi huzuia shaba isifyonzwe, na shaba ikipungua huleta upungufu wa damu na ganzi miguuni. Vitamini A na seleni zikizidi zenyewe hunyonyoa nywele! Bayotini nayo huvuruga baadhi ya vipimo vya damu, kikiwemo cha tezi ya shingo, ambacho mtu anayenyonyoka nywele huenda akakihitaji.

Wapo ambao zinki huwasaidia kweli: mwenye kuharisha kwa muda mrefu, aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni, mtu ambaye pamoja na nywele ana vidonda kuzunguka mdomo na chakula kimempotea ladha. Wifi hana hata kimoja.

Kuhusu protini nitasema machache. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi kwa siku, na yai moja lina kama 6. Aliyeshusha kilo kumi kwa haraka akiishi kwa juisi atanyonyoka, na dawa yake ni chakula cha kutosha, si protini pekee. Anayekula vizuri akaongeza unga wa protini hapati unywele wa ziada.

Wifi ameacha lile kopo na amepata miadi ya daktari wa ngozi. Mimi nimeanza kutibiwa hedhi yenyewe, kwa sababu nikiacha vidonge hali ikiwa ileile, ile 33 itarudi 11. Nitapima tena baada ya miezi mitatu, nikiwa sina hata mafua.