Mche wa tishu ni safi kwa kiasi gani?

"Miche ya tishu haina magonjwa." Kauli hii husikika sana kwa wauzaji wa miche ya migomba inayooteshwa maabara kutoka kipande kidogo cha mmea, na kwa baadhi ya magonjwa ni kweli kabisa. Kwa mengine si kweli hata kidogo, na sababu yake iko kwenye kazi yenyewe ya maabara.

Linachaguliwa chipukizi la upanga, lile lenye majani membamba, na kung'olewa pamoja na kipande cha tunguu. Mizizi hukatwa, udongo huoshwa, kisha maganda huvuliwa moja baada ya jingine mpaka kibaki kipande cheupe. Kipande hicho hulowekwa kwenye sodiamu hipokloraiti ya asilimia 1 hadi 2 kwa dakika 15 hadi 20, na kusuuzwa mara tatu kwa maji yaliyotakaswa kwenye otoklevu. Ndani ya kabati la hewa safi hukatwa tena, kwa kuwa klorini ya dawa hiyo huunguza kingo zake, hadi ibaki ncha ya ukuaji ya sentimita 1 hivi. Fukusi na mayai yao, minyoo ya mizizi na ukungu wa mnyauko fuzari huishia kwenye maganda na tunguu lililotupwa. Ukweli ni kwamba kisu hufanya kazi kubwa kuliko dawa.

Virusi havibaki kwenye maganda. Vinaishi ndani ya chembe za mmea, na ncha ya sentimita 1 huwa navyo tele. Ili kuvikwepa inabidi ukate chini ya darubini kipande cha nusu milimita hivi, na vipande vidogo kiasi hicho hufa kwa wingi na huchelewa kukua. Hata vikipona, lazima vipimwe. Ndiyo maana uzalishaji wa kibiashara kwa kawaida hutumia ncha kubwa na kutegemea usafi wa mgomba mama.

Tuchukue mgomba mama wenye BBTV, virusi vinavyofanya majani yasimame wima na kubanana kileleni. Dalili huchelewa baada ya maambukizi, kwa hiyo anayechagua kwa macho anaweza kuupitisha. Ncha yake huwekwa kwenye chupa ya jeli ya lishe yenye sukari na BAP, homoni ya kuchipusha, inachipua, inagawanywa kila baada ya wiki 4. Tuseme kila mgawanyo unazaa tatu: baada ya migawanyo sita chipukizi lile limekuwa miche 729, yote ikiwa na virusi, yote ikipendeza kwa macho. Chipukizi hilohilo lingepandwa moja kwa moja, lingekuwa mgomba mmoja mgonjwa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni kama mgomba mama ulipimwa virusi kwa vipimo vya maabara kama PCR au ELISA kabla ya kukatwa. Ukuta mweupe wa maabara si jibu.

Virusi vya michirizi vina ujanja mwingine. Migomba chotara yenye asili ya Musa balbisiana, spishi ya mgomba mwitu, inaweza kuwa imebeba vinasaba vya virusi hivyo ndani ya vinasaba vyake yenyewe, na msukosuko wa chupa unaweza kuviamsha. Mama anaweza kupimwa akaonekana safi, watoto wakatoka wagonjwa. Kwa aina hizo, kumpima mama peke yake hakutoshi.

Idadi ya migawanyo nayo ina bei yake. Kadiri inavyozidi, ndivyo miche iliyogeuka tabia inavyoongezeka, hasa vibeti kwenye migomba ya kundi la Kavendishi. Wazalishaji makini husimama kwenye migawanyo 8 hadi 10, kisha huanza na chipukizi jipya. Vibeti wengi hutambulika kitaluni kwa majani mafupi na mapana yaliyosongamana. Asiyewang'oa pale anamwachia mkulima.

Upande wa pili yupo mkulima mwenye chipukizi lake. Akilimenya tunguu hadi liwe jeupe na kulitumbukiza kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 za selsiasi kwa dakika 20, anaua minyoo na mayai ya fukusi kwa gharama ya kuni na kipimajoto. Shida yake ikiwa ni hao tu, sioni sababu ya yeye kukimbilia chupa. Lakini maji hayo hayaondoi ukungu wa fuzari wala virusi, na hayampi miche mingi ya umri mmoja. Hapo mche wa tishu uliopimwa unashinda.

Unashinda, ila ukipandwa mahali panapofaa. Mche uliotoka chupani una mizizi michanga na haujapata kinga yoyote mpya. Shamba likiwa tayari na fuzari, unaweza kuugua upesi kuliko chipukizi lenye tunguu nene. Udongo wa namna hiyo unahitaji aina ya mgomba inayostahimili ugonjwa, iwe imetoka chupani au shambani.